Mteja mmoja mwenye robo tatu ya mauzo: lebo yake, mkopo wa mashine na deni lililoko nje

*"Ninatengeneza siagi ya karanga Dodoma. Nauza kama milioni 40 kwa mwezi, na milioni 30 kati ya hizo zinakwenda kwa mnyororo mmoja wa supamaketi Dar es Salaam. Makubaliano ni kulipwa baada ya siku 60, ila siku hizi zinafika 75. Sasa wanataka mzigo mara mbili, nusu yake kwa lebo yao, na benki iko tayari kunikopesha milioni 60 za mashine mpya. Mume wangu anasema nafasi kama hii hairudi. Mimi usingizi umeniisha. Nikubali, au nianze kujitoa?"*

Dada, usijitoe, lakini usisaini ofa hiyo jinsi ilivyo. Mteja wa milioni 30 kwa mwezi ndiye anayeweza kukugharamia safari ya kutafuta wengine. Ukimkata leo, utakuwa umejiletea mwenyewe hasara unayoihofia. Kuna njia ya kubaki naye huku ukipunguza madhara atakayokuachia siku akiyumba, na inaanzia kwenye hesabu ya deni. Mauzo yatafuata baadaye.

Watu wengi hupima utegemezi kwa asilimia ya mauzo, na kweli 75 kwa 100 ni nyingi. Ila asilimia haikuambii utaumia kiasi gani. Kinachokuambia ni mambo mawili: fedha yako iliyolala kwake wakati wowote, na gharama za kila mwezi ulizojijengea kwa sababu yake. Tuanze na fedha. Ukimpelekea mzigo wa milioni 30 kila mwezi na kulipwa baada ya siku 75, yaani miezi miwili na nusu, siku yoyote utakayofungua daftari utakuta anadaiwa milioni 75. Humo kuna faida ambayo bado hujaiona, hivyo tuitoe. Kama karanga, kopo, lebo, gesi na vibarua vinachukua shilingi 4,100 katika kopo unalomuuzia kwa 6,000, basi fedha halisi iliyotoka mfukoni mwako na kukaa kwake ni kama milioni 51. Hiyo ndiyo itakayopotea siku milango yake ikifungwa.

Juu yake weka kodi. Kwa mauzo yako lazima uwe umesajiliwa kwenye Kodi ya Ongezeko la Thamani, na kodi hiyo haisubiri ulipwe. Ukitoa risiti ya EFD tarehe 30 Machi, asilimia 18 yake inatakiwa TRA ifikapo 20 Aprili, wakati mteja wa siku 75 atakulipa katikati ya Juni. Unachoweza kukata ni kodi uliyolipa kwenye makopo na lebo tu, kwani karanga za mkulima hazina kodi hiyo ya kurudishiwa. Kwa hiyo kila mwezi unamkopesha supamaketi mzigo, kisha unamkopesha na kodi yake. Wafanyabiashara wengi wanaolia kwamba faida ipo kwenye vitabu lakini benki ni kweupe, tatizo lao liko hapa.

Sasa gharama za kila mwezi. Nitatumia namba za mfano. Wewe weka zako. Tuseme mishahara ya kudumu, pango na umeme ni milioni 4. Supamaketi anachukua makopo 5,000. Wateja wengine, kwa bei ya jumla ya 5,500, wanachukua kama 1,800. Wengi hudhani anayelipa 6,000 ndiye mwenye faida zaidi, kwa sababu hawajaitoa kwenye bei yake ile mikato midogo midogo. Punguzo la mwisho wa mwezi la asilimia 5 ni shilingi 300 kwa kopo. Makopo yaliyopasuka na yanayorudishwa, tuseme asilimia 2, ni 120. Usafiri hadi Dar pamoja na malipo ya wapanga rafu ni 250. Na kusubiri siku 75, kama fedha ya benki inakugharimu asilimia 18 kwa mwaka, ni kama 220. Ile 1,900 uliyodhani ni faida inashuka hadi 1,010. Duka la jumla la Morogoro linalolipa taslimu 5,500, ukitoa 4,100 za kutengenezea na 200 za kufikisha mzigo, linakuachia 1,200. Huyo mdogo, kopo kwa kopo, ni bora kuliko huyo mkubwa.

Jumlisha: mkubwa anakuletea kama milioni 5 kwa mwezi, wadogo kama milioni 2 na kidogo. Ukitoa milioni 4 za kudumu, unabaki na milioni 3 na kidogo. Mkubwa akiondoka kesho, wadogo peke yao hawafikishi gharama za kudumu; utapungukiwa na karibu milioni 1.8 kila mwezi. Chukua akiba yako ya benki, igawe kwa 1.8. Hiyo ndiyo idadi ya miezi utakayobaki hai, na ina maana kuliko asilimia yoyote. Ikiwa chini ya sita, uko pabaya, maana ni nadra kuzijenga upya milioni kadhaa za mauzo ndani ya muda mfupi kuliko huo.

Kuna faraja tatu ambazo watu hujipa, na zote ni dhaifu. Ya kwanza ni kwamba mnyororo una matawi mengi, hivyo ni kama wateja wengi. Hapana. Anayesaini hundi ni mmoja, na akishindwa, matawi yote yanashindwa siku moja. Ya pili ni mkataba. Soma wako tena: mikataba mingi ya supamaketi inataja bei, punguzo na masharti ya kurudisha mzigo, lakini haiahidi kununua hata kopo moja mwezi ujao. Ya tatu ni ukubwa wao. Tazama minyororo mitatu ya supamaketi kutoka Kenya: ule wa Uchumi ulifunga matawi yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Nakumatt, iliyochukua maduka ya Shoprite hapa nchini mwaka 2014, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe. Tuskys ikafuata kuyumba mwaka 2020. Wasambazaji wao hawakuwa na dhamana yoyote, hivyo kwenye foleni ya kulipwa walikaa nyuma ya benki zenye dhamana, wafanyakazi na kodi. Aliyepeleka siagi, maziwa au mkate alikuwa mtu wa mwisho. Na ndiyo maana kuongeza supamaketi ya pili na ya tatu si kutawanya hatari kikamilifu: biashara za aina moja huumwa ugonjwa mmoja kwa wakati mmoja.

Tuje kwenye ofa. Mzigo ukiwa mara mbili, deni nalo linakuwa mara mbili: milioni 150 kwake, na fedha yako halisi humo ni kama milioni 102. Maana yake unahitaji milioni 51 nyingine za kununulia karanga na makopo kabla hujaona senti, na mkopo wa mashine hauna hata shilingi ya kazi hiyo. Hapa ndipo watu wenye oda kubwa huanguka: mashine inafika, inafungwa, halafu hakuna fedha ya kununua karanga Mei na Juni zinapokuwa nyingi, wanakuja kuzinunua Desemba kwa bei ya juu. Muulize afisa wa benki swali moja: "Mtaji wa kuzungushia utatoka wapi?" Akijibu kwamba mauzo yatajilipia, hajafanya hesabu ya siku 75.

Rejesho lenyewe, kwa milioni 60, miezi 36 na riba ya asilimia 18 kwa salio linalopungua, ni takriban milioni 2.17 kwa mwezi. Linganisha na kile wateja wako wadogo wote wanachokuletea leo: karibu kiasi kilekile. Yaani mkubwa akiondoka ukiwa na mkopo huo, wadogo watalipa benki tu, na mishahara yote itabaki bila mtu wa kuilipa.

Lebo yao ina tatizo la pekee. Siagi hiyohiyo, ikiwa na jina lao na bei ya chini kidogo, itakaa kwenye rafu pembeni ya yako. Baadhi ya wanaonunua jina lako leo watahamia kwenye kopo la bei nafuu, kwa hiyo "mara mbili" haitakuwa mara mbili. Na siku wakipata mtengenezaji mwingine wa bei ya chini, mnunuzi hatajua kwamba umeondoka. Lebo ya duka si haramu. Inafaa sana mtu mwenye mashine inayolala nusu ya siku, anayeijaza kwa kazi ya ziada bila kuongeza gharama za kudumu. Haifai mtu anayenunua mashine kwa ajili yake.

Kuna jambo moja zaidi ambalo singelipuuza. Mteja anayechelewesha malipo kutoka siku 60 hadi 75 na papo hapo anaomba mzigo zaidi, huenda anajiendesha kwa mali za wasambazaji. Si lazima iwe hivyo. Pengine ni mhasibu mpya au mfumo mpya wa malipo. Chunguza. Nenda kwenye matawi yao mawili au matatu siku ya kawaida, utazame bidhaa za kampuni kubwa: sabuni, soda, mafuta ya kupikia. Kampuni hizo zina watu wa kufuatilia madeni, na ndizo huacha kupeleka mzigo kwanza. Ukikuta rafu zina mapengo, au bidhaa moja imetandazwa mstari mzima ili kuficha mapengo, hilo ni jibu. Malipo ya nusunusu ("tunaweka kidogo, nyingine wiki ijayo") na mameneja wa ununuzi wanaobadilika kila mara ni dalili za familia hiyohiyo.

Basi ufanye nini? Kwanza deni, kabla ya kutafuta mteja hata mmoja. Jiwekee kikomo, kiasi ambacho ukikipoteza chote bado utafungua kiwanda mwezi unaofuata. Kwa namba zetu, tuseme deni lisizidi milioni 50 badala ya 75. Sehemu ya kushuka huko haihitaji ugomvi, kwa sababu ucheleweshaji mwingi unatokana na makaratasi. Ankara isiyo na namba ya LPO, yaani oda yao ya maandishi, idadi isiyolingana na hati ya kupokelea mzigo, hati isiyo na muhuri wa ghala, au ankara iliyofika siku moja baada ya wao kufunga orodha ya malipo ya mwezi: kila moja inakusukuma wiki kadhaa mbele. Dereva asiondoke ghalani bila muhuri, saini na jina la aliyepokea. Makopo yaliyokataliwa yaandikwe palepale kwenye hati, na risiti ya EFD itolewe kwa idadi iliyopokelewa kweli. Kila mwezi omba taarifa ya hesabu yako kutoka kwao, uilinganishe na yako mstari kwa mstari. Utashangaa ni ankara ngapi ambazo hawajaziingiza kabisa.

Baada ya hapo ongea kuhusu siku. Unaweza kuwapa punguzo la asilimia 2 wakilipa ndani ya siku 15. Kwa kuvuta fedha siku 60 mbele, punguzo hilo linakugharimu kama asilimia 12 kwa mwaka, nafuu kuliko mkopo wa 18. Ila usilikate kwenye ankara. Litoe kama hati ya punguzo baada ya fedha kuingia, la sivyo watalichukua punguzo na bado watalipa siku ya 75. Na kikomo kikifikiwa, mzigo mpya unasubiri malipo ya zamani. Mara ya kwanza inatisha kusema hivyo. Maneno yanayofanya kazi ni ya kihasibu, si ya kulalamika: "Akaunti yenu imefika kikomo, ankara za Machi zikilipwa, gari linaondoka kesho."

Sasa kuongeza wengine. Fanya hesabu ya lengo ili usijidanganye. Mkubwa akibaki milioni 30, ukitaka awe asilimia 40 ya mauzo, wengine lazima wafike milioni 45 kutoka 10. Hilo halitokei mwaka huu. Lakini wakifika milioni 20, yeye anakuwa asilimia 60. Wakifika 30, ni nusu kwa nusu. Lenga 60 kwa mwaka wa kwanza. Milioni 10 za ziada ni kama makopo 1,820, yaani katoni 152 za kopo 12. Duka la kawaida linalochukua katoni mbili kwa mwezi lina maana unahitaji maduka kama 76. Tayari tatizo limekuwa la kushikika: mtu mmoja wa mauzo, kirikuu kimoja, njia nne, kila njia maduka 19 au 20, kila moja na siku yake ya wiki isiyobadilika. Muuza duka akijua gari lako linapita kila Jumanne, ataacha nafasi kwenye rafu. Likipita ukijisikia, hataacha.

Anzia Dodoma mjini na njia moja ya nje, ama Morogoro ama Singida, usitawanye mikoa mitano. Mkopo kwa duka uwe wa katoni moja: lipa ya zamani uchukue mpya. Hapo hasara kubwa kwa duka moja ni shilingi 66,000, na duka likifunga utaendelea kunywa chai. Miezi mitatu ya mwanzo njia hizi hazitajilipia. Maduka 20 yanakuletea faida ya kama shilingi 576,000 kwa mwezi, na mshahara wa muuzaji pamoja na mafuta vinaweza kuipita. Hiyo ndiyo kazi ya faida ya mteja mkubwa: kugharamia pengo hili. Ukifika mwezi wa sita na maduka hayajapita 40, shida ni bei, ukubwa wa kopo au muuzaji. Kabla ya kulaumu soko, jaribu kopo dogo. Kopo la dukani kwa Mangi halina lazima ya kuwa lile la supamaketi.

Njia nyingine iliyo tofauti kweli ni ndoo za kilo 5 na 20 kwa waoka mikate, hoteli na shule za bweni. Faida kwa kilo ni ndogo, ila hakuna lebo ya kupendeza, hakuna rafu, hakuna mzigo unaorudishwa kwa sababu kopo limekunjamana. Shule hulipa kwa muhula, kwa hiyo nazo zipe kikomo.

Niseme wazi kisichotibika kwa kutawanya wateja: sumukuvu. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla, na 5 kwa ile ya aina B1. Kundi moja la karanga zilizokaushwa vibaya likipita, utasimamishwa na supamaketi, na duka la Singida litasikia. Wateja mia hawakusaidii hapo. Kinachosaidia ni kupima karanga kabla ya kuzisaga, na kuandika namba ya kundi kwenye kila kopo ili urudishe makopo 400 badala ya 5,000.

Kabla ya kusaini chochote, tafuta watu wawili ana kwa ana. Mhasibu aliyesajiliwa na bodi ya wahasibu, NBAA, akutengenezee mtiririko wa fedha wa miezi 12, wiki kwa wiki, ukiwa na siku 75 na tena ukiwa na siku 90. Wakili asome mkataba akitafuta mambo manne: kipengele kinachokukataza kuuzia wengine, nani analipia lebo zao zikibaki, muda wa notisi, na dhamana benki inayoomba. Nyumba mnayoishi isiwe dhamana ya mashine inayomtegemea mteja mmoja. Wakili anaweza kupendekeza kipengele kwamba mzigo ni wako hadi ulipwe. Kiwekeni, ila ujue siagi iliyokwisha kuuzwa rafuni haikamatiki. Na kama malipo yao yamevuka siku 90, au hundi imerudi, usisubiri kikao. Simamisha mzigo siku hiyohiyo na umwone wakili wiki hiyo. Kama kodi imekushinda kwa sababu yao, nenda TRA mwenyewe uombe kulipa kwa awamu kabla riba haijaanza kupanda.

Kuhusu majibu yao, ningewaandikia hivi: niko tayari kuongeza mzigo kwa asilimia 30 kwa miezi mitatu, kwa zamu ya usiku kwenye mashine niliyonayo. Jina langu libaki kwenye rafu kwa nafasi ileile. Lebo yenu ianze kwa kiasi mtakachokiagiza kwa maandishi, miezi mitatu mbele, na makopo yake mlipie wenyewe. Mzigo wa nyongeza ulipwe ndani ya siku 30. Wakikubali, mezani kutakuwa na cha kuzungumza kuhusu mashine. Wakikataa siku 30 kwa mzigo ambao wameuomba wao wenyewe, usiichukue mashine, na uanze kushusha lile deni la milioni 75 mwezi huu.